Keki ya kastadi na krimu wakati wa kaskazi: kuitoa friji ya Tanga mjini hadi mezani Muheza ikiwa salama

Kila kaskazi ikiingia, kuanzia Desemba mpaka Machi, waokaji wenzangu hapa Tanga huniletea kilio kilekile. Keki ilitoka nyumbani nzuri, ikafika ukumbini imelegea. Au ilifika imesimama vizuri, watu wakala wakasifia, na usiku wakatapika. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya hilo la pili. Keki ikilegea umepoteza pesa. Watu wakitapika, kuna mtoto wa mwenzio amelazwa na dripu mkononi.

Nitafuata keki moja tu tangu sufuria hadi sahani: tabaka tatu za sponji, kastadi ya mayai katikati, krimu nje, kipenyo sentimita 25. Inapikwa Ijumaa Tanga mjini na kuliwa Jumamosi alasiri Muheza, mwezi wa Februari. Ukiielewa hii, ya Pangani au Korogwe utaipangia mwenyewe.

## Elewa saa kabla ya kuwasha jiko

Kastadi na krimu ni maziwa, mayai, wanga na maji mengi. Bakteria wanapenda chakula hicho kama sisi. Chini ya nyuzi 5 wanakuwa kama wamelala. Juu ya nyuzi 60 hawawezi kuzaliana. Katikati hapo wanaongezeka, na joto la jikoni kwetu, nyuzi 30 na kitu, ndilo linalowafaa hasa.

Anayetuangusha mara nyingi kwenye keki anaitwa stafilokokasi. Anaishi puani, kwenye ngozi na kwenye vidonda vya vidole vya mtu mwenye afya yake kabisa. Akipata joto na muda anatoa sumu ndani ya krimu. Sumu hiyo haina harufu wala ladha, na hata ukiichemsha haiondoki. Mtu aliyeila huanza kutapika baada ya nusu saa mpaka saa nane hivi, na wengi ni baada ya saa mbili hadi nne. Ndiyo maana kuionja keki ili kujua kama bado nzima hakukusaidii chochote.

Kanuni ninayoitumia ni hii. Keki ikiwa juu ya nyuzi 5, ina saa mbili kwa jumla. Hewa iliyoizunguka ikipita nyuzi 32, ina saa moja tu.

Neno "jumla" ndilo linalowapita wengi. Dakika ulizotumia kujaza keki, dakika za barabarani na dakika za mezani zinaingia kwenye hesabu moja. Ukiirudisha friji, saa inasimama, lakini zile dakika zilizokwisha kupita hazifutiki. Nimeona mtu anaitoa keki saa nzima kupiga picha, anairudisha usiku kucha, kesho anaanza kuhesabu upya kana kwamba imezaliwa asubuhi hiyo.

## Vifaa

Kusanya hivi kabla hujavunja yai:

- Kipimajoto cha jikoni chenye sindano. Bila hiki mwongozo uliobaki ni kubahatisha.
- Sanduku la kuhifadhi baridi lenye ukuta mnene. Deli kubwa la plastiki linafaa. Linafaa pia boksi jeupe la povu gumu, yale wanayosafirishia samaki, lakini nunua jipya ambalo samaki hajalalia.
- Chupa nne za maji za lita moja na nusu, zilizogandishwa kwa saa 24. Usizijaze hadi mdomoni, kwa sababu maji yakiganda yanatanuka na chupa hupasuka.
- Kanga kuukuu au taulo nne, safi na kavu.
- Sinia pana la bati, beseni la barafu na nailoni ya kufunikia chakula.
- Kikopo kidogo chenye mfuniko. Hiki nakiita shahidi, na kazi yake utaiona.
- Daftari na kalamu.

Jaribu kwanza kipimajoto chako. Jaza bilauri barafu iliyopondwa, ongeza maji kidogo, koroga, chovya sindano bila kugusa kuta na usubiri dakika moja. Kikisoma 0, au pungufu au zaidi kwa nyuzi moja, kiko sawa. Kikisoma 4, kitakudanganya kila hatua inayofuata.

## Hatua ya 1: Pika kastadi mpaka ichemke kweli

Kwa keki hii natumia maziwa lita 1, viini vya mayai 6, sukari gramu 180, konfulawa gramu 80, siagi gramu 50 na vanila. Changanya viini, sukari na konfulawa, mimina maziwa ya moto kidogo kidogo huku ukipiga, kisha rudisha vyote jikoni.

Koroga bila kuacha mpaka uone mapovu mazito yanapasuka katikati ya sufuria, yale ya "pwuu, pwuu" kama ugali unapoanza kuiva. Kuanzia hapo endelea kukoroga dakika mbili kamili.

Wengi huzima moto mara tu kastadi inapokuwa nzito. Sababu za kutofanya hivyo ni mbili. Mayai yanaweza kuwa na salmonela, na mchemko huo unaimaliza. Pili, kiini cha yai kina kimeng'enya kinachokula wanga. Kisipouawa kwa mchemko, kastadi iliyolala imeganda huamka asubuhi imekuwa uji, na hapo keki itateleza hata ukiipeleka kwa ndege.

Nawe unayetumia kastadi ya unga wa kopo, isiyo na yai: ukishaichanganya na maziwa na kuipika ina maji na wanga na maziwa, kwa hiyo saa yake ni ileile.

Imefanikiwa ikiwa: inaacha njia chini ya sufuria ukipitisha mwiko, haina madonge, na haina ladha ya unga mbichi.

## Hatua ya 2: Poza haraka, usiiache mezani

Hapa ndipo ninapoona hatari kubwa kuliko zote, na watu hawaioni, kwa sababu kastadi iliyotoka kuchemka inaonekana safi. Ni safi, ila si tupu. Kuna bakteria wa kwenye wanga, basilasi, ambao mbegu zao hazifi kwa kuchemka. Kastadi ikikaa vuguvugu, mbegu hizo zinaota. Sufuria ya lita moja iliyofunikwa na kuachwa juu ya kaunta hapa Tanga haipoi chini ya joto la chumba hata ukingoje mpaka asubuhi, na katikati yake hukaa vuguvugu kwa masaa.

Lengo ni kutoka nyuzi 60 hadi 21 ndani ya saa mbili, kisha kufika nyuzi 5 ndani ya saa nne nyingine. Kufika huko si kazi ngumu ukifuata njia hii:

Mimina kastadi ya moto kwenye sinia pana, kimo kisizidi sentimita 3. Lalisha nailoni juu yake ikiigusa kabisa, isibaki nafasi ya mvuke kudondosha maji. Weka sinia ndani ya beseni lenye barafu na maji, na kila baada ya dakika tano lizungushe kidogo. Kwangu ndani ya nusu saa huwa imeshuka chini ya 21. Hapo ndipo inaingia friji.

Usiingize sufuria ya moto moja kwa moja friji. Haitapoa upesi, na itapasha maziwa, nyama na kila kilichomo humo.

Kabla ya kuifunika sinia, chota vijiko vinne vya kastadi ujaze kile kikopo cha shahidi. Kitafuatana na keki kila iendako. Ukitaka kujua joto la kastadi, unachoma sindano ndani ya shahidi, huichomi keki ya harusi mbele ya watu.

## Hatua ya 3: Jaza keki kwa mikono safi na kwa dakika zinazohesabika

Sponji iwe imepoa kabisa. Sponji vuguvugu inapasha kastadi kutoka ndani, ambako hakuna friji itakayofika upesi.

Nawa mikono kwa sabuni mpaka kwenye kiwiko. Mwenye kidonda kidoleni, jipu, au anayepiga chafya siku hiyo asiguse krimu, hata kama ndiye fundi mkuu. Glovu hazisaidii kitu ukishikia simu humohumo.

Bakuli na michapo viingie friza dakika 20 kabla ya kupiga krimu. Krimu halisi ya maziwa haipandi ikipata joto. Inabaki majimaji, na ukiendelea kulazimisha inageuka siagi.

Nisimame kidogo hapa kwenye krimu ya unga na ile ya boksi iliyotengenezwa kwa mafuta ya mimea, kwa sababu wengi wetu ndiyo tunayotumia. Ni nzuri kwa kusimama. Inaweza kukaa nyuzi 30 na maua yako yakabaki na ncha zake. Lakini kusimama kwake ni kwa mafuta na viimarishi vilivyomo, hakuonyeshi bakteria wamefikia wapi. Krimu ya maziwa ikipata joto inalia machozi na kukuaibisha mapema, ukajua kuna shida. Hii ya mimea itakaa kimya saa tano, imependeza, huku kastadi iliyo chini yake imeshaharibika. Ukiitumia, tegemea saa zaidi kuliko macho.

Toa kastadi friji, washa saa ya simu, jaza, paka, rudisha. Jipe dakika 30. Ukizidiwa, rudisha nusu kazi friji, upumzike, uendelee baadaye. Ukimaliza andika daftarini: "Kujaza: dakika 25."

## Hatua ya 4: Ilale friji, na friji iwe ya keki

Keki ikae friji usiku kucha, nyuzi 3 hadi 4. Baridi hiyo ya katikati ya keki ndiyo akiba utakayoitumia barabarani. Sponji haipitishi joto upesi: keki iliyopoa mpaka ndani itakawia kupata moto, na iliyopoa nje tu itakuchelewesha vilevile kupoa.

Usiamini namba iliyoandikwa kwenye kitasa cha friji. Weka bilauri ya maji kwenye rafu itakapokaa keki, iache ilale, na asubuhi pima maji yale. Friji ya nyumba yenye watoto wanaofungua kutafuta maji baridi mara kwa mara hupanda hadi nyuzi 10 bila mtu kujua. Siku ya kulaza keki, maji ya kunywa yakae kwenye deli jingine, na friji isifunguliwe ovyo.

Umeme ukikatika usiku, usifungue kuchungulia. Friji iliyofungwa hutunza baridi kama saa nne, kama mpira wa mlango ni mzima. Ukirudi, pima shahidi. Akisoma chini ya 5, endelea. Akisoma juu ya 5 na hujui tangu lini, keki hiyo haiendi kwa mteja. Kwa kugundua umeme uliokatika ukiwa umelala, weka kikombe cha barafu friza na sarafu juu yake. Ukiikuta sarafu imezama, barafu iliyeyuka ikaganda tena.

Usigandishe keki ya kastadi friza ukidhani unajiongezea usalama. Kastadi ya konfulawa ikiganda na kuyeyuka hutoa maji na kuwa kama sifongo.

## Hatua ya 5: Panga sanduku

Saa moja kabla ya kuondoka, weka chupa moja iliyoganda ndani ya sanduku tupu na ulifunge. Sanduku lililokaa stoo lina joto la stoo, na likipewa keki baridi litaanza kuinyonya baridi yake.

Chupa zizungushiwe kanga au taulo, kwa sababu zitatoka jasho na maji yake yasiguse ubao wa keki. Keki iwe ndani ya boksi lake la karatasi, lililofunikwa. Isimamishe katikati ya sanduku, juu ya kitu kilichoinuka sentimita mbili au tatu, hata kopo bapa lililopinduliwa, ili maji yakidondoka yapite chini. Chupa nne zisimame kwenye pembe nne, zikibana boksi lisitembee.

Shahidi mweke juu, karibu na mfuniko, mbali na chupa. Hapo ndipo penye joto zaidi ndani ya sanduku, na kikopo kidogo hupata moto upesi kuliko keki nzima. Kwa hiyo shahidi akisema bado, kastadi iliyo ndani ya keki nayo bado.

Keki ya ghorofa haiingii sandukuni. Peleka kila tabaka na sanduku lake, uzipandishe hukohuko.

Kama hujawahi kulitumia sanduku lako, lijaribu siku nyingine bila keki. Jaza bakuli la lita mbili maji ya friji, lifunge na chupa zako, liache barazani mchana kwa saa mbili, kisha pima maji. Yakiwa bado chini ya 5 unaweza kuliamini kwa Muheza.

## Hatua ya 6: Barabarani

Kutoka Tanga mjini kupitia Pongwe hadi Muheza ni kama kilomita 35 za lami. Mimi hujipa dakika 50.

Keki ikae sakafuni mwa gari, pasipo jua. Kiti kimeinama nyuma, na buti la gari dogo lina joto la tanuri. Kiyoyozi kikiwepo kiwashwe dakika kumi kabla ya kuipakia. Bodaboda usithubutu. Bajaji inawezekana kwa safari ya mjini, sanduku likiwa miguuni mwako na wewe umelishika.

Usisimame njiani. Gari lililofungwa juani hupanda nyuzi 20 juu ya joto la nje ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya hiyo hupanda dakika 30 za mwanzo. "Ngoja nichukue maua mara moja" ndiyo iliyoua keki nyingi kuliko matuta.

Sanduku halifunguliwi mpaka ufike. Kila ukilifungua, hewa ya baridi inamwagika na ya moto inaingia.

## Hatua ya 7: Ukumbini

Ukifika, kabla ya salamu nyingi, omba chumba chenye kivuli, weka sanduku, pima shahidi, funga. Andika namba na saa.

Hapo atakuja shangazi wa bibi harusi.

"Mwanangu, iweke pale mbele watu waione."

"Shikamoo shangazi. Itaonekana. Ila ikikaa pale tangu sasa hadi ikatwe, sitathubutu kuwapa wageni wenu."

"Marahaba. Sasa pale mbele pakae nini?"

Jibu lake uwe nalo tangu siku ya kupokea oda, usilitafute ukumbini. Mimi humwekea keki ya maonyesho: umbo la povu gumu lililopakwa urembo uleule, lenye kipande kimoja cha keki halisi isiyo na kastadi nyuma yake, pale maharusi watakapopitisha kisu na kulishana. Keki ya wageni inakatwa jikoni na kutolewa kwenye sahani. Familia nyingi zikielezwa mapema hukubali, kwa sababu picha zao hazipungui kitu.

Wakisisitiza ya kweli isimame mbele, itoe sandukuni dakika za mwisho, MC akiwa ameshaita maharusi. Muulize MC mwenyewe, usimtume mtu.

Usiiwekee feni. Feni inampoza binadamu kwa sababu anatoka jasho. Keki ya nyuzi 5 ukiipulizia hewa ya nyuzi 31 unaipasha upesi zaidi. Ikitoka sandukuni itafunikwa na ukungu wa unyevu kwa sababu ya hewa yetu ya pwani. Usiupanguse kwa kitambaa, maana unapakaza rangi na kuongeza mikono juu ya krimu.

## Hesabu ya Jumamosi moja

Hii ni oda yangu ya Februari, kama ilivyo daftarini. Ukumbi ulikuwa wa ndani, nikapima hewa nikapata nyuzi 30. Kwa hiyo keki ilikuwa na dakika 120.

Ijumaa kujaza: dakika 25. Zimebaki 95.

Jumamosi saa 7:10 mchana keki iliingia sandukuni, shahidi akisoma 4. Saa 8:00 nilifika Muheza, shahidi akisoma 6. Sikujua alivuka 5 wakati gani, nikahesabu nusu ya pili yote ya safari: dakika 25. Zimebaki 70.

Sanduku lilifungwa tena. Sherehe ilichelewa, kama kawaida, na shahidi hakushuka chini ya 6, kwa hiyo saa iliendelea kutembea. Saa 8:30 zilikuwa zimebaki 40. Nikamwendea MC, nikamwambia keki ikatwe ndani ya dakika kumi na tano au iliwe jikoni. Ikakatwa 8:40. Saa 9:00 kila mgeni alikuwa amemaliza sahani yake, na mimi nilikuwa nimebakiwa na dakika 10.

Kilichonibana ni ile nyuzi moja. Siku hiyo nilitumia chupa tatu badala ya nne. Shahidi angefika akisoma 5, safari na kungoja kote kusingehesabiwa.

Sasa chukua sherehe hiyohiyo uihamishe chini ya turubai uwanjani, hewa nyuzi 33. Keki haina tena 120, ina 60. Kujaza 25 na njia 25 zimekwisha kula 50. Zimebaki kumi, na hazitoshi hata kupanga sahani. Sherehe ya turubai mchana wa kaskazi siichukulii oda ya kastadi. Nampa mteja keki ya siagi yenye jemu, au iliyopakwa krimu ya siagi na sukari isiyotiwa maziwa wala mayai. Maji yake ni machache na sukari ni nyingi, kwa hiyo inavumilia. Tatizo lake ni kuyeyuka tu.

## Keki za wazazi

Zile keki ndogo wanazokabidhiwa wazazi na wakwe zisiwe na kastadi wala krimu hata kidogo. Fuata njia zake uone: zinakaa meza kuu tangu mwanzo, zinakabidhiwa jioni, zinapanda daladala au Noah hadi kijijini, zinawekwa kabatini, na mama anamkatia mjukuu kesho yake asubuhi. Hakuna sanduku litakaloifuata huko. Tengeneza keki ya matunda makavu au ya ndizi iliyookwa sawasawa, uipambe kwa fondanti.

## Mambo yakiharibika

Gari likipata pancha, acha sanduku lifungwe, lihamishie kivulini, na tafuta barafu ya dukani uiongeze pembeni ikiwa ndani ya mifuko. Pima shahidi mara moja tu, ukiwa tayari kuondoka. Hesabu ikiwa imevuka, keki hiyo hailiwi. Usijaribu kukwangua krimu ukabakiza sponji, kwa sababu sponji imeshanyonya kastadi. Ndiyo maana kwenye oda kubwa nabeba trei moja ya keki kavu ambayo haijaguswa na krimu.

Mabaki kwenye sahani za wageni yanatupwa. Vipande ambavyo havikutoka jikoni vinarudi friji kama bado hesabu ina dakika, na viliwe siku hiyohiyo. Usiruhusu vifungwe kwenye karatasi za kupeleka nyumbani, hata ukiombwa na watu wazima unaowaheshimu.

Mtu akianza kutapika usiku baada ya kula keki yako, pokea simu. Mwambie anywe maji yenye dawa ya ORS kidogo kidogo, na apelekwe kituo cha afya haraka akiwa mtoto mdogo, mjamzito, mzee, au kama hawezi kubakiza maji tumboni, ana damu kwenye choo au ana homa kali. Kipande cha keki kilichobaki kifungwe kwenye nailoni na kuwekwa friji, kisiliwe wala kutupwa, mpaka bwana afya akichukue. Na lile daftari la dakika mpelekee pamoja nacho.